Habari ya kupandishwa cheo: Namna ya kuifikisha bila kuringa

Mtaala wetu humfundisha mwanafunzi kuandika barua rasmi, tahariri, kumbukumbu za mkutano na hata hotuba ya mgeni wa heshima. Haumfundishi kuandika ujumbe wa kuwaarifu jamaa na majirani kwamba amepandishwa cheo, ingawa huenda huu ndio ataouhitaji zaidi akishaajiriwa. Ni ujumbe mfupi lakini mgumu. Ukiuandika kwa mbwembwe, watasema umeanza kuringa kabla mshahara mpya haujaingia. Ukinyamaza, watasikia kwa mtu mwingine, nao watauliza, "Kwani sisi tulikukosea nini?"

Wengi hudhani tofauti kati ya majigambo na unyenyekevu iko moyoni mwa mwandishi. Huenda ni kweli, ila msomaji hauoni moyo. Anachokiona ni vitenzi, viambishi na mpangilio wa sentensi, na hivyo vinaweza kuchunguzwa. Makala haya yatauchukua ujumbe mmoja wa majigambo, yaufungue sentensi baada ya sentensi, kisha yauandike upya bila kuificha furaha.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Laini Saba, Kibera, ambaye amekuwa keshia katika duka kuu mjini kwa miaka minne. Yeye ni mwanachama wa chama cha akina mama kumi na watatu wanaokutana kila Jumapili, wanaochanga pesa kwa zamu na kukopeshana. Mama huyu nimembuni mimi, na ujumbe wake nimeutunga kwa mtindo ambao wasomaji wengi wataukumbuka kutoka simu zao. Siku aliyopandishwa cheo, aliandika hivi katika kundi la WhatsApp la chama:

"Hamjambo wote. Hatimaye nimefika! Kuanzia leo mimi ni supavaiza wa makeshia wote, si keshia tena. Kati ya watu tisa tuliofanyiwa intavyu, ni mimi peke yangu niliyepita. Nilijituma, nikajinyima, nikajiamini. Wale walionicheka nikitembea kwa mguu hadi kazini sasa waone. Mshahara umeongezeka vizuri tu, na kwa mvua hii sitatembea tena. Mungu amewaaibisha maadui. Wenye wivu mtazoea."

Hakuna uongo hapa. Alifanyiwa intavyu, alipita, alijinyima, na kweli kuna waliomcheka. Kwa hivyo hatuwezi kusema kosa ni kusema uongo. Kosa liko kwingine.

Mwanaisimu Mwingereza Geoffrey Leech, katika kitabu chake cha pragmatiki kilichochapishwa mwaka 1983, alieleza kwamba adabu katika mazungumzo huongozwa na kaida kadhaa. Mbili kati ya hizo zinatuhusu. Kaida ya unyenyekevu humtaka msemaji apunguze kujisifu. Kaida ya kusifu humtaka apunguze kumshusha mwenzake na azidishe kumsifu. Watu wengi wanaporekebisha ujumbe wa aina hii hukimbilia kaida ya kwanza pekee: wanafuta sifa zao, wanajishusha, wanajiita si kitu. Ukiusoma tena ujumbe wa mama huyu, utaona kwamba kinachochoma zaidi kinatokana na kuvunjwa kwa kaida ya pili.

Tuanze na vitenzi. Kuna vitatu vilivyofuatana: nilijituma, nikajinyima, nikajiamini. Vyote vimebeba kiambishi ji-, kinachoonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu yule yule. Si sadfa kwamba vitenzi vingi vya Kiswahili vya kutaja majivuno navyo hukibeba: kujisifu, kujigamba, kujivuna, kujitapa, kujidai, kujinaki. Kisarufi, ji- hukalia nafasi ya yambwa, nafasi ambayo mtu mwingine angeweza kukaa. Ukisema "nilijituma" umekuwa mtumaji na mtumwa. Hakuna aliyekusaidia na hakuna aliyekusukuma. Kitenzi kimoja cha namna hiyo hakina ubaya. Vitatu mfululizo vinajenga picha ya mtu aliyepanda peke yake, na miongoni mwa wanaousoma ujumbe ni mama aliyemwangalilia watoto siku alizofunga duka usiku. Huyo hatakasirika kwa sababu mwenzake amesifiwa. Atakasirika kwa sababu yeye amefutwa.

Pili, tuwatazame wanaoandikiwa. Wamegusiwa moja kwa moja mara mbili tu katika ujumbe mzima: mwanzoni katika salamu, "hamjambo", na mwishoni katika kitisho, "mtazoea". Katikati hawapo. Mtu anayesoma kwamba wenye wivu watazoea hubaki akijiuliza kama yeye ni mmoja wao, na akishajiuliza hivyo, furaha imeshaharibika.

Tatu, kuna ulinganisho. "Kati ya watu tisa" inawahesabu walioshindwa. "Si keshia tena" inaonekana kama maelezo ya kawaida, lakini inaifanya kazi ya ukeshia kuwa kitu cha kukimbiwa. Ikiwa ndani ya chama kuna keshia mwingine, au mama aliyemaliza miezi sita akitafuta hata hiyo kazi ya ukeshia, maneno matatu hayo yamempata. "Wale walionicheka" inafungua kesi. "Maadui" inaimalizia kwa hukumu. Kila mojawapo ya sentensi hizi inampandisha msemaji kwa kumshusha mtu fulani.

Kwa nini basi mwandishi haoni? Utafiti wa Irene Scopelliti na wenzake wawili, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la saikolojia, unatoa jibu. Waligundua kwamba anayejisifu hukadiria kupita kiasi furaha ambayo msikilizaji ataipata, na hukadiria chini ya kiasi kero atakayoisababisha. Hadanganyi. Anaipima furaha ya wengine kwa furaha iliyo kifuani mwake. Ndiyo maana ushauri wa "andika kutoka moyoni" haumsaidii siku hiyo, kwa kuwa moyo wenyewe ndio umejaa.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuulize: je, jamii zetu hazina nafasi ya kujisifu? Zinayo tena kubwa. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanavijua vivugo, yaani majigambo, utungo ambamo mtu huyataja mafanikio yake mwenyewe kwa sauti kuu. Waluo wana pakruok. Katika sherehe yenye nyatiti au ohangla, mtu humsimamisha mwanamuziki, akatoa pesa, akajisifu yeye na marafiki zake na kwao kwa chuku tele, na watu wakacheka na kushangilia. Mkazi wa Kisumu Ndogo au Gatwekera aliyekulia katika sherehe hizo anajua kujisifu vizuri sana, na hakuna anayemwona mbaya.

Siri ni kwamba pakruok ina mipaka yake. Ina mahali pake na wakati wake, na msemaji ameilipia nafasi. Chuku yake ni kubwa kiasi kwamba hakuna anayeipima kama taarifa. Kubwa zaidi, akimaliza yeye, mwingine naye husimama akajisifu vilevile. Ujumbe wa simu hauna lolote kati ya hayo. Humkuta mmoja akipika, mwingine akiwa hospitalini, mwingine akiwa ametoka kufukuzwa kazi asubuhi hiyo. Hakuna ngoma, hakuna kicheko cha pamoja, na hakuna zamu. Maneno yale yale yaliyokuwa mchezo yanasomwa kama taarifa rasmi.

Kibera jambo hili lina uzito wake. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi kibra, lenye maana ya msitu, na tangu wanajeshi Wanubi walipokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, mtaa umeendelea kupokea watu wa lugha nyingi: Wanubi wa Makina, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo. Katika chama kimoja cha akina mama, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Lakini kila mmoja amekuja na kipimo chake cha nyumbani cha nini ni mzaha na nini ni dharau. Kwa hivyo ujumbe wa Kiswahili unaowafikia wote hauwezi kutegemea mzaha unaoeleweka na wachache. Halafu chama ni akiba na bima: mwanachama akiuguza mtoto usiku, anawapigia hawa hawa. Neno moja la kuumiza linaweza kumgharimu mtu mdhamini wa mkopo.

Kabla hatujaandika upya, tuiondoe njia moja ya mkato. Watu wengine wakihofia kuonekana wenye maringo huandika hivi: "Jamani, sijui hata waliniona nini. Na uchovu huu wangu, eti sasa nisimamie watu tisa, na funguo za ofisi mfuko mzima. Mniombee tu." Huu unaonekana mnyenyekevu, lakini ni majigambo yaliyovaa nguo za malalamiko. Kiswahili kinatupa njia nyepesi ya kuutambua. Sisi tuna neno la kumjibu mwenye shida, "pole", na neno la kumjibu mwenye heri, "hongera", au "kongole" kama tulivyozoea Kenya. Ujumbe ulionyooka humwonyesha msomaji neno la kujibu. Huu unaomba yote mawili. Ukimwambia "pole", umekosa kuipongeza neema yake. Ukimwambia "hongera", umeonyesha kwamba malalamiko hukuyaamini. Msomaji akikwama kati ya pole na hongera, ajue kuna majisifu yaliyofichwa.

Njia nyingine ya mkato ni kunyamaza kabisa. Nayo si salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Annabelle Roberts, Emma Levine na Ovul Sezer ulionyesha kwamba mtu akigundua kuwa mwenzake alimficha mafanikio, huumia na huona hakuaminiwa, kana kwamba alidhaniwa hawezi kuistahimili habari njema ya mwenziwe. Mtaani ambapo kuta ni za mabati na habari hupita upesi kuliko matatu, kugunduliwa ni suala la siku mbili tatu tu.

Basi tuandike upya. Hatua ya kwanza ni kuitaja habari yenyewe, mara moja, kwa maneno ya kawaida. Linganisha "nimepanda cheo" na "nimepandishwa cheo". Mzizi ni ule ule, pand-, lakini katika neno la pili kuna viambishi viwili zaidi. Kiambishi -ish- kinaonyesha kwamba kuna aliyesababisha, na -w- kinaonyesha kwamba msemaji alitendewa. Bila kumtaja mtu yeyote, sarufi imeshakiri kwamba kuna mkono mwingine. Kiswahili kina hazina nzuri ya vitenzi vya aina hii kwa mambo ya heri: nimejaaliwa, nimebarikiwa, nimeteuliwa, nimekabidhiwa, nimeaminiwa. Naye mama wetu angeweza kusema "nimepewa kazi ya kusimamia makeshia". Tazama tena: ametaja kazi badala ya cheo. "Mimi ni supavaiza" humweleza mtu alivyo. "Nimepewa kazi ya kusimamia" hueleza atakachofanya, na hakimwachi mtu chini yake.

Hata hivyo, kauli ya kutendwa isitiwe kila mahali. "Nimejaaliwa kupewa nafasi ya kuteuliwa kukabidhiwa" ni sentensi ya mtu anayejificha. Inatosha mara moja.

Hatua ya pili ni kuitaja furaha waziwazi. Hapa ndipo wengi huogopa bila sababu. "Nimefurahi sana" si majigambo. Kujigamba ni kudai hadhi, na kufurahi ni kueleza hisia, na hisia hazimshushi mtu. Msomaji anaweza kuingia ndani ya furaha ya mwenzake, lakini hawezi kuingia ndani ya cheo chake. Ukiiondoa furaha, ujumbe unakuwa mkavu kama notisi ya stima, na watu watajibu "sawa" kama wanavyoijibu notisi.

Hatua ya tatu ni shukrani, nayo sharti itaje jambo mahususi. "Nawashukuru wote walioniunga mkono" ni maneno ya jukwaani, na hayamfikii yeyote. Bora kutaja kilichofanywa: watoto walioangaliliwa, mkopo uliolipa kozi ya kompyuta. Hapa sarufi inageuka kinyume cha ile ya ji-. Katika "mlioniangalilia watoto", nafsi m- ndiyo mtenda, -ni- ndiye aliyefaidika, na kauli ya kutendea inabeba wema uliofanywa. Neno moja limewarudisha kwenye hadithi watu ambao ujumbe wa kwanza uliwafuta. Tahadhari ni moja: lisitajwe ambalo halikutendeka. Watu wanajua walichokufanyia, na shukrani ya bandia hunuka kuliko majigambo.

Hatua ya nne ni kueleza habari hiyo inabadilisha nini kwa wanaoandikiwa. Pengine zamu zitabadilika, naye sasa ataweza kufika mkutanoni kwa wakati. Jambo dogo kama hilo huwapa wasomaji nafasi ndani ya habari.

Hatua ya tano ni kuondoa: waliocheka, maadui, wenye wivu, walioshindwa intavyu, na mshahara. Kutotaja mshahara si kuficha. Hakuna aliyeuliza. Kuutaja, tena kwa "vizuri tu", huanzisha hesabu vichwani mwa watu, na wiki inayofuata utasikia maombi ya mikopo usiyoweza kuitoa. Kuhusu Mungu, wacha kila mtu amshukuru kwa dini yake. "Alhamdulillahi" au "Mungu ametenda" humpunguzia msemaji sifa na kuipeleka kwingine. Ila "Mungu amewaaibisha maadui" humfanya Mungu kuwa shahidi katika ugomvi wa majirani, na hiyo si shukrani.

Mwishowe kuna chai. Nairobi habari njema haimalizi dakika tano kabla mtu hajauliza, "Sasa tutakula lini?" Ni mzaha, lakini una dai ndani yake: aliyepata awagawie wenziwe. Njia nzuri ni kulijibu dai hilo kabla halijaulizwa, kwa kipimo unachokimudu. Chai na mandazi kwa watu kumi na watatu inawezekana. "Nitawatoa nyote hotelini" ni ahadi itakayogeuka deni.

Tukizifuata hatua hizo, ujumbe unakuwa hivi:

"Hamjambo akina mama. Nina habari njema ya kazini, na nimeona niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine. Nimepewa kazi ya kusimamia makeshia, kuanzia leo. Nimefurahi sana, hata usingizi umekataa kuja. Miaka minne nikiwa keshia, nyinyi ndio mlioniangalilia watoto siku za zamu ya usiku, na mkopo wa chama ndio uliolipa ile kozi ya kompyuta. Asanteni sana. Zamu zangu sasa ni za mchana, kwa hivyo nitakuwa nikifika mkutanoni kwa wakati. Jumapili hii chai na mandazi nitaleta mimi."

Sasa tufanye hesabu ndogo. Walimu wengi wa uandishi hushauri kwamba dawa ya majivuno ni kupunguza nafsi ya kwanza. Katika ujumbe wa kwanza, nafsi ya kwanza umoja imekuwa kiima cha kitenzi mara saba: nimefika, niliyepita, nilijituma, nikajinyima, nikajiamini, nikitembea, sitatembea. Katika ujumbe wa pili imekuwa kiima mara tisa: nina, nimeona, niwaambie, nimepewa, nimefurahi, nikiwa, nitakuwa, nikifika, nitaleta. Zimeongezeka! Na bado hakuna atakayeusoma ujumbe wa pili aseme huyu anaringa. Kilichobadilika ni kazi ya vitenzi hivyo. Katika ule wa kwanza vinashinda, vinapita na kujirudia vyenyewe. Katika wa pili vinapewa, vinafurahi, vinaambia na kuleta. Vinaelekea kwa watu.

Njia hii ina mipaka yake. Ujumbe ule unalifaa kundi la chama, lakini haulifai kundi la kazini ambamo wamo wale wanane ambao hawakupita. Huko, hata "nimefurahi sana" ni chumvi kwenye kidonda. Fasihi simulizi imeshatupa mwongozo: majigambo hutolewa na mwenyewe, ilhali sifo hutolewa na mwingine. Kazini, habari ya cheo itolewe na aliyekitoa cheo. Meneja akishatangaza, aliyepewa ashukuru kwa sentensi mbili, aseme anategemea uzoefu wa wenzake, kisha anyamaze. Na wale aliokuwa nao karibu zaidi katika hao wanane, azungumze nao ana kwa ana kabla ya tangazo. Mambo mengine hayaandikwi.

Kwa marafiki wa rika lake, nako mambo ni tofauti. Huko anaweza kuandika, "Manze, hatimaye tumeomoka! Kesho mnaniita bosi," na wenzake wakajibu, "Wee, bosi, nipatie mia ya soda." Hiyo ni pakruok ya simu. Kuomoka, kwa Sheng ya Nairobi, ni kutoka kwenye dhiki na kuona mwangaza, na chuku yake inaeleweka kwa sababu kila mmoja kwenye kundi ameshasema hivyo siku moja, hata alipookota shilingi mia. Hatari inakuja ujumbe huo unapotolewa kule na kusambazwa kwenye kundi la chama. Maneno yamehama, mchezo umebaki nyuma. Ndiyo sababu ujumbe wa watu wazima uandikwe upya kwa ajili yao, usinakiliwe kutoka kwa vijana.

Je, utajuaje kwamba ujumbe umefika vizuri? Yasome majibu. Ukipata vidole gumba vitupu na "sawa", au kundi likanyamaza kisha mtu akaandika kuhusu mchango wa wiki, kuna kilichokwaruza. Ukipata "kongole" inayofuatwa na swali, "Kwani mlifanyiwa intavyu ngapi?", mlango umefunguliwa. Hapo sasa unaweza kusimulia ulivyotembea kwa mguu na ulivyojinyima, na hata kwamba mlikuwa tisa. Jambo ambalo lingekuwa majigambo ukilitangaza linakuwa jibu ukiulizwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema kizuri kifichwe. Kiweke tu mahali wanunuzi wanapopita, waulize bei wenyewe.